Pimbi Juu ya Mwamba

Walisema sitaweza kuandika kitu ambacho mtu wa Chekalini kwetu atakisikiliza mpaka mwisho. Walisema nina maneno mengi kama redio iliyosahauliwa ikiwaka. Walisema diploma niliyosomea usiku na mchana huko Ghuba, nikiwa bawabu kwenye geti la jengo la watu wengine, haitanifaa kwa lolote zaidi ya kunifunza kuvaa shati jeupe. Binamu yangu mmoja alisema mbele ya watu, "Huyu akiandika barua ya kuomba maji, atamhubiria mwenye kisima."

Nilicheka, kwa sababu nilijua nilikotoka. Niliondoka na begi moja la kamba, nikarudi na diploma ya mawasiliano, kompyuta mbili na mashine ya kuchapisha, vyote kwa jasho langu. Nikafungua duka la kuchapa karatasi hapo senta. Mtu akitaka barua ya chifu, fomu ya shule au tangazo la harambee, anakuja kwangu. Hilo nalisema bila aibu.

Lakini mwaka ule wa mvua nilijua pia kuogopa, na nataka niliseme hilo kwanza, kabla sijajisifu zaidi.

Mahindi ya mama yalikuwa yamevunwa na kupukuchuliwa, na jua likakataa kutoka. Mvua ilikuja kila adhuhuri. Kikundi chetu cha wakulima kilikuwa na mashine ya kukausha mahindi, tunaita draya, inayovutwa na trekta kutoka boma hadi boma. Mashine ilikuwa ya wote. Ila tangu ilipofika haikuwa imetoka bomani kwa mwenyekiti wetu. Alikuwa anakausha yake, halafu ya shemeji yake, halafu yake tena, yale aliyonunua kwa majirani yakiwa mabichi. Ukimwuliza, alikuwa anatabasamu na kusema, "Kikundi ni chetu sote. Zamu yako inakuja."

Mahindi ya mama yalikuwa chini ya maturubai ya kuazima. Sita kwa jumla, kutoka boma sita, kwa sababu letu moja lilikuwa limetoboka. Kila asubuhi tuliyafunua, mama akatumbukiza mkono kwenye lundo mpaka kwenye kiwiko, akautoa na kuunusa. Siku moja alinipa mimi ninuse. Harufu ilikuwa imeanza, ile ya ukungu, nyepesi, kama ya kabati lililofungwa. Mahindi yakishafika hapo hayaliwi na hayauzwi. Hata kuku huwapi ukijua.

"Nenda uongee na mwenyekiti," nilimwambia mama.

"Niongee kama nani? Kama yule?"

Yule alikuwa jirani yetu wa upande wa mto. Alisimama kwenye mkutano akamwambia mwenyekiti usoni kwamba draya si mali ya boma lake. Watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata, mvua ikiwa bado haijakolea, mabua yake yaliyokuwa yamesimamishwa shambani, mahindi yakiwa bado ndani, yaliungua mchana kweupe. Hakuna aliyeona mtu. Sisemi ni mwenyekiti. Hakuna anayejua. Lakini tangu siku hiyo hakuna mkulima aliyesimama tena mkutanoni isipokuwa kuomba sala ya kufunga.

Basi siku moja mwenyekiti akaingia dukani kwangu, akikung'uta mvua kwenye kofia.

"Diploma!" Ndivyo alivyokuwa ananiita. "Tuna siku yetu ya kikundi pale uwanja wa shule. Nataka hadithi. Ya wanyama. Fupi. Ya kuunganisha watu. Mwalimu ataisoma."

Mwalimu alikuwa katibu wa kikundi, mama mstaafu aliyefundisha Kiswahili darasani mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa amenifundisha hata mimi.

Ningeweza kumwandikia mwenyekiti hadithi ya siafu wanaobeba mzigo pamoja, nikalala salama. Lakini alipotoka, watu wawili waliokuwa wakingoja fotokopi walinicheka. Mmoja akasema, "Sasa andika ile inamsifu, bwana Diploma." Nami, kwa kiburi changu, nikajibu kwa sauti: "Nitamwandikia itakayomfanya akae chini." Maneno yakatoka kabla sijayapima. Jioni yake tayari hata watu wa Mautuma, senta ya jirani, walikuwa wanajua. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Niliandika rasimu ya kwanza kwa siku mbili. Kurasa nne. Fisi alikuwa mfalme mlafi aliyeshika ghala la wanyama. Sungura alisimama akatoa hotuba juu ya haki, umoja na uwajibikaji. Mwishoni niliandika kwa herufi nzito: Funzo, kisha mistari mitatu. Niliipenda sana. Nikaipeleka kwa Mwalimu nikiwa na shati jeupe.

Aliisoma jikoni huku akichambua kunde. Alipofika kwa hotuba ya Sungura aliruka ukurasa mzima.

"Unataka nyumba ya mama yako ichomwe?" aliniuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kwa nini umeandika matusi ukayavalisha mkia?"

Aliweka kunde chini.

"Sikiliza. Fisi kwetu ni tusi. Ukimwita mtu fisi hata kabla ya hadithi kuanza, masikio yake yamefungwa. Atasikia fisi tu. Na kila anayesikiliza atatafuta fisi ni nani, sungura ni nani, atapanga watu wenu mmoja mmoja kama kadi. Hiyo si hadithi. Hiyo ni kesi bila hakimu."

"Sasa niweke mnyama gani?"

"Weka mnyama ambaye kile anachofanya ni tabia yake. Usimpe sifa. Usiandike 'mlafi'. Kama mnyama kweli anakaa juu ya kitu, watu watamwona amekaa, basi. Na asichukize. Awe mnyama ambaye hata mwenyekiti akimwona atampenda."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika na nikiogopa, na sijui kipi kilizidi. Niliketi barazani, mvua ikipiga mabati, mama akinitazama ninavyokata mistari kwenye karatasi. Nikakumbuka majabali ya kule chini ya mlima nilipokuwa nachunga nikiwa mtoto. Pimbi walikuwa wanatoka kuota jua asubuhi, wanono, wanajinyoosha juu ya mawe kama wenye mji. Pimbi akiona tai anatumbukia kwenye ufa. Kanga nao wanachokonoa chini ya mawe, na kanga ndiye wa kwanza kupiga kelele kitu kikipita angani.

Niliandika tena. Ukurasa mmoja na nusu. Mwamba mmoja unaopata jua. Pimbi anaishi juu yake. Wanyama watatu wanaleta vyakula vyao vikauke: Kuchakuro, ambaye ni kindi wa ardhini, Fuko na Kanga. Kila mmoja ana siku yake, na kila siku Pimbi ana jibu lile lile.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Mara ya pili akachukua kalamu nyekundu.

Alifuta neno "haki". Alifuta "ubinafsi". Alifuta sentensi yangu iliyosema Pimbi hakujali wenzake. "Kama hajali, tuone," akasema. Kisha akafika mahali Pimbi alipokuwa akisema, "Mwamba ni wetu sote." Kalamu ikasimama.

"Haya ni maneno yake."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimeyaweka."

"Yatoe. Ukimwibia mtu maneno yake, umemwonyesha kidole. Mpe Pimbi maneno ambayo kila mmoja wetu amewahi kusema, hata mimi kwa jirani akija kuazima kisu."

Tulijaribu mengi. Mwishowe tukapata: "Nimalizie yangu kidogo." Mwalimu aliyarudia kwa ulimi wake, akaguna. Nani hajawahi kusema hivyo?

"Na Kanga," akaendelea, "apige kelele mara moja mapema. Siku ya kwanza tu. Usieleze ni kwa nini. Usiseme Kanga ni mlinzi. Pimbi akimbie ufani, atoke, maisha yaendelee. Mwishoni, anayesikiliza akikumbuka mwenyewe, lile funzo litakuwa lake, si lako. Ukimpa mkononi, atalirudisha."

"Na adhabu? Mvua imnyeshee? Wanyama wampige?"

"Wakimpiga umeandika vita. Kimpate kile alichokisababisha mwenyewe. Halafu nyamaza. Sentensi ya mwisho iwe kitu cha kuonekana, si cha kufikiria."

Nilifuta funzo langu lote. Niseme ukweli, lilinichoma. Nilikuwa nimelipamba.

Alibakisha jambo moja. Aligonga kwa kalamu kwenye mstari wa tatu, mahali wanyama walipomchagua Pimbi kwa kura. "Hili neno lisome kwa mdomo wa huku kabla hujachapa."

"Kura ni kura, Mwalimu." Mimi niliyezungumza na Waswahili wa pwani kule Ghuba, nikasahihishwa matamshi? Nikaliacha. Mwalimu alinitazama tu, akarudi kwa kunde zake. Yeye ndiye angesoma, na ulimi wake ulikuwa safi. Sikuona hatari.

Siku ya kikundi mvua ilitupa nafasi asubuhi. Watu walijaa uwanjani, kina mama na leso kichwani, wazee kwenye viti vya plastiki. Mama alikuja pia, akiwa na harufu ya lile lundo mikononi. Mimi nilisimama nyuma karibu na lango, mahali ambapo ningeweza kutoka haraka. Nilikuwa nimeshatazama mara mbili njia ya kuelekea kwetu kuona kama kuna moshi.

Mwalimu alisimama na karatasi. Mwenyekiti akainuka naye, akacheka, akamnyang'anya kipaza sauti kwa upole.

"Mwalimu amechoka kufundisha. Leo mimi nisome. Mnadhani mimi sijaenda shule?"

Watu wakacheka. Nilitaka kupiga kelele kwamba karatasi ile si yake, lakini angeuliza ni kwa nini. Mwalimu aligeuza uso wake kunitafuta kati ya watu. Aliponiona, alitikisa kichwa mara moja, polepole, kunizuia.

Mwenyekiti akaanza.

"Mvua ilinyesha mpaka msitu wote ukanuka ukungu. Palikuwa na mwamba mmoja tu uliopata jua, na Pimbi aliishi juu yake. Wanyama wakamchagua awe msimamizi wa mwamba. Walimchagua kwa kula."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mama mmoja alijishika mbavu. "Kwa kula! Haki ya Mungu, kwa kula!"

Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Hakuwa akitabasamu. Nilimwona akitazama mstari mmoja baada ya mwingine, akitafuta nani amecheka kwanza, na nikafikiria mabua ya jirani yetu, moshi mweupe na watu waliokimbia na ndoo tupu. Kosa lilikuwa langu. Mwalimu alinionya, na mimi na diploma yangu tukaliacha neno lile pale likingoja mdomo wa mwenyekiti.

"Kula!" akasema kwa nguvu. "Kula, bwana! Ile ya kutumbukiza kwa sanduku! Mnajua ninasema nini!"

Walicheka zaidi. Halafu, sijui ni kwa nini, naye akaanza kucheka. Labda kwa sababu kicheko kile kilikuwa cha mdomo ambao sote tunao, ule unaogeuza ra kuwa la. Akafuta jasho na kuendelea, akisoma sasa kwa madoido, kama babu anayejua wajukuu wake wamenasa.

"Siku ya kwanza Kuchakuro alileta njugu zake. Pimbi alikuwa ametandaza majani mwamba mzima. 'Karibu,' akasema. 'Nimalizie yangu kidogo.' Kuchakuro akaziweka njugu chini ya mwamba, kwenye tope. Kanga alikuwa hapo akichokonoa. Mara Kanga akapiga kelele, na wote wakakimbia, na Pimbi akatumbukia kwenye ufa. Kivuli kikapita. Pimbi akatoka akageuza majani yake.

"Siku ya pili Fuko alileta mizizi. 'Karibu,' Pimbi akasema. 'Nimalizie yangu kidogo.' Fuko akaiweka mizizi karibu na njugu. Njugu zilikuwa zimeanza kuvimba.

"Siku ya tatu Kanga alileta mbegu. 'Karibu,' Pimbi akasema…"

Na hapo, bila kuambiwa, kina mama wa mbele wakamalizia pamoja naye: "Nimalizie yangu kidogo!" Kama wanavyoitikia hadithi nyumbani. Mwenyekiti akafurahi, akawanyoshea mkono waseme tena. Wakasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, wakimtazama. Mimi nilishika nguzo ya lango. Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua, kwamba bado mistari minne, na kwamba yeye mwenyewe ndiye angeisoma.

"Siku ya nne njugu ziliota ukungu. Mizizi ikaoza. Mbegu zikachipua kwenye tope. Kuchakuro akaondoka, Fuko akaondoka, Kanga akaondoka. Pimbi akalala juu ya majani yake makavu, na mwamba wote ukawa wake. Jua lilikuwa zuri. Kivuli kikapita juu ya majani. Pimbi akageuka amwulize Kanga kile ni kivuli cha nini."

Akageuza karatasi upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

"Ukurasa mwingine uko wapi?"

Akanitafuta kwa macho, akanipata pale langoni.

"Diploma! Ukurasa mwingine?"

"Imeisha, Mwenyekiti." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Imeisha aje? Funzo liko wapi? Sasa Kanga alikuwa wapi?"

Nilikuwa na jibu la kurasa mbili kifuani. Kama ningelitoa, yote yangeharibika, na pengine mabati yetu yangewaka. Aliyejibu alikuwa bibi mmoja wa mstari wa mbele, mjane, akiwa amekumbatia mkoba wake. Alijibu kama anayemweleza mjukuu njia ya sokoni.

"Kanga ameenda, Mwenyekiti. Alingoja."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati, akamwita mchungaji aombe.

Siku tatu zilizofuata sikufungua duka. Nilikaa bomani nikinusa upepo. Trekta likipita barabarani nilisimama. Mbwa akibweka nilishika fimbo, mimi niliyelinda jengo la ghorofa thelathini. Mama aliendelea kutumbukiza mkono kwenye lundo na kunusa. Mchana wa siku ya pili alitoa punje zilizoshikana pamoja, akazitenga pembeni bila kunionyesha, lakini niliona.

Siku ya nne nililazimika kufungua, kwa sababu fomu za shule zilikuwa zinasubiri. Saa nne asubuhi mwenyekiti akaingia. Alikuwa peke yake. Nilisimama nyuma ya mashine ya kuchapisha, ili angalau kuwe na kitu kati yetu.

Alikaa kwenye benchi la wateja.

"Huyo Kanga," akaanza, "alirudi?"

"Sijui, Mwenyekiti. Hadithi inaishia hapo."

"Wewe ndiye umeandika na hujui?"

"Sijui."

Alizungusha kofia mikononi. "Jana mvua ilikuja mahindi yangu yakiwa nje. Siku zote watu wako pale getini wakingoja mashine. Wingu likija, wanaingia wananisaidia kufunika. Jana nikaita. Hakuna mtu getini. Hata mmoja. Nimefunika na mke wangu, na magunia matano yamelowa."

Nilishika ukingo wa meza. Nilingoja aniambie kwamba kosa ni langu. Nilingoja kiberiti.

"Wewe ni mtu mbaya, Diploma," akasema, lakini kwa uchovu. "Mwambie Mwalimu aandike majina. Yale mahindi yameanza kunuka yaanze. Abandike kwa mlango wa stoo ya kikundi, kila mtu aone. Langu aliweke penye litaangukia."

Alitoka bila kuaga. Sikujua kama amenisamehe, na mpaka leo sijui. Tukikutana ananisalimia, nami moyo unaruka kidogo kabla sijaitikia.

Draya ilifika kwetu ikiwa ya pili, baada ya yule bibi mjane. Ilinguruma tangu asubuhi, na hewa moto ikatoka na harufu tamu ya mahindi makavu. Magunia mawili hatukuyaokoa. Mama aliyazika mwenyewe nyuma ya boma, hakutaka nimsaidie. Yaliyobaki aliyauma punje moja moja kwa jino, zikalia ta, ta, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Jioni ile tulisonga obusuma, ugali wetu, wa unga mpya, nikala mpaka nikaogopa tumbo langu.

Kesho yake niliyaosha maturubai sita kwenye kijito, nikayaanika uani, nikayakunja kila moja na gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, ya mahindi makavu juu yake. Nilizunguka boma kwa boma kwa miguu, na kwa kila mlango nilipokelewa kama mtu wa nyumbani. La mwisho lilikuwa la jirani wa upande wa mto, yule aliyeunguliwa. Aliliazimisha kwetu wakati hakuwa na mahindi yake ya kufunika. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua, akatazama kama nimelitoboa, kisha akamimina mahindi kwenye karai na kunirudishia gorogoro yangu.